Mguu umevimba baada ya safari: usichuliwe kwanza

"Juzi nimerudi Chake kutoka Mbeya, basi mpaka Dar halafu boti. Shavu la mguu wa kushoto limevimba, lina moto na linauma. Mama anataka nichuliwe kwa mafuta ya nazi. Sawa?"

Hapana, dada yangu. Mwambie mama asubiri, na leo hii nenda hospitali. Ukikaa saa nyingi magoti yamekunjwa, damu hutuama kwenye mishipa ya ndani ya mguu na inaweza kuganda. Kuchua kunaweza kulimegua donge hilo likapanda hadi mapafuni, na hapo ndipo linapoua.

Chukua futi ya fundi cherehani, upime miguu yote miwili sentimita 10 chini ya goti. Ukivimba mmoja tu, ukauzidi mwenzake kwa zaidi ya sentimita 3, shaka inakuwa kubwa. Hata tofauti ikiwa ndogo, nenda tu. Futi haiwezi kukuhakikishia kuwa hakuna donge.

Omba altrasaundi ya mishipa ya mguu. Mpimaji huubonyeza mshipa: mzima hubonyea ukalala bapa, wenye donge hugoma. Huenda ikawa ni msuli tu, lakini kwa macho hatuwezi kujua. Mwambie daktari kama una mimba, umejifungua karibuni au unatumia vidonge vya uzazi wa mpango.

Ukibanwa pumzi, kifua kikichoma unapovuta hewa, ukikohoa damu au ukizimia, ni dharura, hata iwe usiku wa manane.