Nyota moja ndiyo choki kali! Usimpelekee turnere mtutu

"Wakubwa, nimenunua bunduki ya kalibre 12 ya mitutu juu-chini. Wa chini una nyota tatu, wa juu nyota moja. Muuzaji anasema nyota nyingi ndiyo choki kali, yaani mdomo wa mtutu uliobanwa zaidi, kwa hiyo sahani za kurushwa zinazopita karibu ninapiga kwanza na ule wa juu, lakini zinanishinda. Jumamosi turnere wa Katuba atanifungulia ule wa nyota tatu. Nimwambie atoe kiasi gani? Na kartushi ni gramu 24 ao 28? Na sahani inayokatiza mbele yangu niitangulie kiasi gani?"

Mudogo yangu, acha. Mpigie huyo turnere leo, mwambie umeenda kilio Likasi, mwambie lolote, ila mtutu usitoke nyumbani.

Hesabu ya nyota inakwenda kinyume na ulivyoambiwa. Kwa bunduki za Italia, na nyingi za Ulaya zinazofuata alama hizo, nyota moja ni choki nzima, ile kali kabisa. Mbili ni robo tatu, tatu ni nusu, nne ni robo. CL maana yake mtutu umenyooka, hauna choki. Hata zile choki za kufungua na kufunga kwa uzi, ukikuta mkato mmoja kwenye ukingo, hiyo ndiyo kali. Mimi pia niliambiwa "nyota ni kama za hoteli, zikiwa nyingi ndiyo kubwa." Aliyeniambia ndiye aliyeniuzia, na alisema huku amekunja mikono kama profesa. Bunduki ameuza maisha yake yote, lakini nadhani ndani ya mtutu hajawahi kuchungulia. Mpaka leo tukikutana sokoni ananiita "boss". Mimi namsalimia kwa meno tu.

Bunduki yangu ilikuwa na nyota moja juu na nyota nne chini. Tulikuwa tunapiga sahani kwenye shamba la rafiki, barabara ya Kasenga, zinapita mbele yetu kwenye mita 20 hivi. Nikavunja 6 kwa 25. Nikajisemea: ule wa nyota nne umebana sana, ngoja ufunguliwe. Nikamtafuta turnere, mzee mmoja mwenye mashine ya kuchongea ekseli za malori. Mtu mwema kabisa, alininywesha na chai. Nikalipa dola 80.

Sasa sikia alichokitoa. Mtutu wa kalibre 12 una tundu la milimita 18.5 hivi, na choki ni sentimita chache tu za mwisho ambazo zimebanwa kidogo. Choki nzima inabana karibu milimita moja. Nusu inabana nusu milimita. Robo inabana robo ya milimita, yaani ukipitisha kidole hausikii kitu. Mzee akatoa hiyo robo ya milimita yote, kwa mashine ya ekseli. Na hakuitoa katikati, aliila zaidi upande mmoja. Chuma kikitoka hakirudi, huwezi kukipaka tena kama rangi.

Tukarudi shambani. Nikavunja 4. Wenzangu wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikasema jua lilikuwa machoni. Ilikuwa saa nane, na jua lilikuwa nyuma yangu.

Ndipo yaya mmoja, mpigaji wa zamani, akaniuliza swali moja tu: "Umeipigia karatasi?" Hapana. Tukagundisha karatasi za kaki mpaka zikafika mita moja na robo kwa upana, tukazitundika mita 20, nikapiga risasi moja kwa kila karatasi. Mtutu wa nyota moja, ule niliokuwa nikiuita wa wazi, ulirusha marisawa yote kwenye duara la sentimita 40 hivi, kama kitako cha beseni. Ule niliolipia dola 80 ulitawanya zaidi ya sentimita 80, na katikati yake palikuwa kuume kwa alama kwa sentimita 25. Yaani hata nikilenga sawa, marisawa yanaenda kwa jirani.

Na hiki ndicho kilichoniuma: choki ya robo, kabla haijachongwa, kwa mita 18 ao 20 inatawanya kama sentimita 65. Hiyo ndiyo iliyofaa kwa sahani zetu! Nilikuwa nayo, nikalipa ili iondolewe.

Fanya hesabu mwenyewe. Kartushi ya gramu 28 yenye marisawa namba 7½ ina chembe kama 350. Sahani ina upana wa sentimita 11. Kwa duara la sentimita 65, sahani iliyokuonyesha tumbo inapata chembe tisa ao kumi, na iliyolala ubavu inapata kama tatu. Inatosha kuivunja. Kwa duara la sentimita 40, yenye tumbo inapata zaidi ya 25. Inageuka moshi, unajisikia mfalme, lakini eneo la duara lako limepungua mara mbili na nusu, na ukikosea kwa sentimita 25 hakuna kitu. Ndiyo sababu zinakushinda, mudogo. Unazipiga sahani za karibu na choki ya mbali.

Kwa mbali mambo yanageuka. Kipimo cha mafundi ni mita 36.5, duara la sentimita 76: choki nzima inaweka humo kama asilimia 70 ya chembe, nusu 60, robo 50, mtutu ulionyooka 40. Huko mtutu uliochongwa unaacha matundu ambayo sahani ya ubavu inapita salama ikienda zake.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa chuma, karatasi. Chukua kila mtutu na kartushi ile ile unayotumia, pima mita kwa kamba wala si kwa hatua, piga karatasi tano kwa kila mtutu kwa sababu moja inadanganya. Tafuta mahali marisawa yamejaa zaidi, chora duara hapo, si kuzunguka alama uliyolenga. Halafu pima pengo kati ya katikati ya duara na alama. Kata kadibodi ya sentimita 11, itembeze juu ya matundu: pale inapokaa bila kufunika hata tundu moja ao mbili, ndipo sahani inapokukimbia. Wanangu waliifanya kuwa mchezo, wakala kuku wangu wa Jumapili kama malipo.

Bunduki nyingi za aina ya yako zina kitufe karibu na usalama cha kuchagua mtutu upi utangulie. Kisukume, uanze na wa chini, wa nyota tatu. Kwa mita 20 utapata duara la sentimita 50 hivi. Bado limebana kidogo, lakini ni bure, na wa nyota moja utakungojea kwa sahani ya pili ikiwa imekwenda mbali. Ukipiga karatasi halafu bado unataka kufunguliwa, tafuta fundi wa bunduki mwenye kipimo cha kusoma tundu la mtutu ndani, aliyewahi kufanya kazi hiyo. Wa ekseli mwachie ekseli.

Ukikosa karatasi ya kaki, mie ninazo mbili zimebaki, ziko nyuma ya kabati. Zina matundu tayari upande wa kuume.