Mshazari wa riba usiokuwepo

"Nimechora riba ya mkopo kwa grafu ya mstari, inaonekana ilipanda kila mwezi. Kumbe ilibadilika mara moja tu. Nimekosea wapi?"

Mshazari huo ndio unaodanganya, ndugu. Kama riba ilikuwa asilimia 9 tarehe 1 Januari, ikawa 11 tarehe 1 Julai, mstari unamwambia msomaji kuwa Aprili ilikuwa 10. Haikuwahi kuwa 10. Chora ngazi:

```python
plt.step(tarehe, riba, where="post")
```

Hiyo `"post"` usiisahau. Ukiiacha, Matplotlib hutumia `"pre"`, na 11 itachorwa kuanzia Januari (iliwahi kuniaibisha kikaoni). Halafu ngazi ya mwisho itakosa urefu, kwa hiyo ongeza tarehe ya leo mwishoni ukirudia 11 ileile.