Msalaba wa shaba wenye mkono mmoja pungufu

"Kwenye mchezo wa video, nionyeshe namna gani ufalme ulianguka, bila kuandika kurasa za historia?"

Ndugu, kifaa kiongee chenyewe. Misalaba ya shaba ilikuwa pesa huku kwetu Katanga, nikaiingiza kwenye mchezo wangu. Kwanza, kwenye maelezo yake, niliandika: "Pesa ya ufalme ulioangamia vitani." Nikafuta, maana mchezaji hana cha kutafuta tena. Sasa inasomeka: "Msalaba wa shaba. Mkono mmoja umekatwa, ukayeyushwa kuwa risasi."

Kifaa kingine mle mchezoni ni kitabu cha ghala, kina mistari minne tu: chumvi inapungua, kisha mwandiko unabadilika.

Mchoraji wetu anasema wengi hawataelewa. Ana haki kidogo, kwa hiyo risasi yenyewe niliiweka ukutani kwenye chumba kingine. Kama hata hiyo inatosha, bado tunabishana.