Matriki zinazofanana: ni nini hasa kinachofanana?

Swali: Katika masomo ya aljebra ya mstari nimekutana na maneno "matriki A na B zinafanana". Nikizitazama, sioni hata namba moja inayolingana, lakini mwandishi anasema zina thamani bainifu zile zile, jumla ya ulalo ile ile na determinanti ile ile. Je, "zinafanana" ni neno sahihi hapa, au ilipasa aseme "ni sawa"?

Jibu: Neno ni sahihi, na "ni sawa" lingekuwa kosa. Matriki mbili ni sawa pale tu ambapo kila namba ya matriki moja inapatikana mahali pale pale katika matriki nyingine. Kufanana ni dai la namna nyingine: matriki mbili hufanana zinapoueleza mgeuzo mmoja wa mstari, kila moja kwa msingi wake. Kwa hiyo anayetafuta mfanano kwa kulinganisha namba mojamoja anautafuta mahali usipokaa.

Tuchukue mgeuzo unaoipeleka kila vekta (x, y) ya bapa kwenye (4x + y, 2x + 3y). Mgeuzo huu hufanya kazi yake iwe tumechagua msingi au hatujachagua. Huvuta na kupinda bapa zima kwa namna moja tu. Matriki huja pale tunapotaka kuuandika. Tunachagua vekta mbili za msingi, tunatazama kila moja inapelekwa wapi, kisha tunaandika majibu katika safu wima, tukiyapima kwa msingi ule ule. Kwa msingi wa kawaida, (1, 0) na (0, 1), tunapata A. Sasa tuchague msingi mwingine: u = (1, 2) na v = (1, 3). Mgeuzo unaipeleka u kwenye (6, 8), ambayo ni 10u − 4v, na unaipeleka v kwenye (7, 11), ambayo ni 10u − 3v. Hivyo tunapata B:

```
A = | 4  1 |      B = | 10  10 |
    | 2  3 |          | -4  -3 |
```

Ukiweka u na v kuwa safu wima za matriki P, utaona kwamba B = P⁻¹AP. Fomula hii huonekana kama amri isiyo na sababu mpaka isomwe kutoka kulia kwenda kushoto: P inachukua vipimo vya vekta katika msingi mpya na kuvigeuza kuwa vya msingi wa kawaida, A inafanya mgeuzo, na P⁻¹ inarudisha jibu katika msingi mpya. Hakuna mgeuzo mwingine ulioingia katikati.

Hapo ndipo thamani bainifu zinapopata maelezo yake. Tukisema 5 ni thamani bainifu, tunasema kwamba iko vekta isiyo sifuri ambayo mgeuzo huirefusha mara 5 bila kuitoa kwenye mstari wake. Sentensi hiyo haitaji msingi wowote, kwa hiyo kubadili msingi hakuwezi kuigusa. Katika mfano wetu vekta hiyo ni (1, 1), kwa kuwa mgeuzo unaipeleka kwenye (5, 5). Katika msingi mpya vekta hiyo hiyo ni 2u − v, yaani inaandikwa (2, −1). Izidishe kwa B, utapata (10, −5), ambayo ni (2, −1) mara 5. Maandishi ya vekta bainifu yamebadilika, lakini 5 imebaki. Ndiyo maana ni sahihi kusema kwamba matriki zinazofanana zina thamani bainifu zile zile, lakini si sahihi kusema hivyo kuhusu vipimo vya vekta bainifu. Thamani ya pili ni 2, na vekta yake katika msingi wa kawaida ni (1, −2).

Determinanti inafuata njia hiyo hiyo. Thamani yake isiyo na alama hutaja ni mara ngapi mgeuzo unakuza eneo la umbo lolote, na alama yake huonyesha kama mgeuzo unapindua mwelekeo wa bapa. Ukianza na kiraba cha kawaida au na msambamba wa u na v, eneo jipya likigawanywa kwa eneo la awali hutoa 10. Kwa A hesabu ni 12 − 2, na kwa B ni −30 + 40.

Jumla ya ulalo ndiyo inayostahili kukaliwa kwa muda zaidi, kwa sababu haina picha nyepesi kama ya eneo. Katika A ulalo una 4 na 3. Katika B una 10 na −3. Namba hizo, moja moja, ni mali ya msingi uliochaguliwa na hazisemi jambo la kudumu kuhusu mgeuzo. Jumla yake tu, 7, ndiyo inayodumu. Sababu ni kwamba kwa matriki za mraba X na Y zozote, jumla ya ulalo ya XY ni sawa na ya YX: zote mbili zinajumlisha zao zile zile, namba ya X kwenye safu mlalo i na safu wima j ikizidishwa kwa namba ya Y kwenye safu mlalo j na safu wima i, ila kwa mpangilio tofauti. Basi chukua P⁻¹ iwe X na AP iwe Y. Jumla ya ulalo ya P⁻¹AP inakuwa sawa na ya APP⁻¹, ambayo ni A yenyewe. Tena 7 ni 5 + 2, jumla ya thamani bainifu, kama 10 ilivyo zao lake.

Mwandishi anayetumia "zinafanana" ana mipaka miwili ya kuchunga. Kwanza, namba tatu hizo kulingana hakutoshi kuthibitisha mfanano. Tazama hizi:

```
C = | 5  0 |      D = | 5  1 |
    | 0  5 |          | 0  5 |
```

Zote zina thamani bainifu 5 iliyorudiwa mara mbili, jumla ya ulalo 10 na determinanti 25. Hata hivyo hazifanani, kwa kuwa C huzidisha kila vekta kwa 5, na jambo hilo ni kweli katika kila msingi. P⁻¹CP daima ni C yenyewe, haiwezi kamwe kuwa D. Namba hizo zikitofautiana, una hakika kwamba matriki hazifanani. Zikilingana, bado una kazi.

Pili, kupunguza matriki kwa safu mlalo si kubadili msingi. Toa nusu ya safu ya kwanza ya A katika safu yake ya pili, nayo ya pili inakuwa 0 na 2.5. Determinanti bado ni 10, jambo linalowadanganya wengi wasome thamani bainifu kwenye ulalo mpya, 4 na 2.5. Jumla yake ni 6.5, si 7, na hapo kosa linajulikana mara moja. Hatua hiyo imebadili msingi wa majibu na kuuacha msingi wa vekta zinazoingia, kwa hiyo A na matriki iliyopatikana hazipaswi kuitwa matriki zinazofanana.