Chawa wa kichwani: nesi wa shule awajibu wazazi

Wazazi na walezi, salaam. Tangu nitume barua kwamba tumeona chawa kwenye vichwa vya watoto wa darasa la nne, madaftari yamekuwa yakirudi shuleni na vikaratasi vimekunjwa ndani. Nimechagua maswali yanayowagusa wengi na majina nimeyaacha. Ninaposema chawa namaanisha mdudu, si wale wa mjini wanaoshinda wakiwasifu wenye fedha.

Nesi, nilimpaka binti yangu dawa ya duka Ijumaa, nikaona wamekufa. Wiki mbili baadaye kichwa kimejaa tena. Nimeuziwa dawa feki?

Huenda dawa ni nzima, mama, ila ulipaka mara moja. Dawa nyingi za duka zina permethrini ya asilimia 1. Inaua chawa anayetembea, lakini yai haliui vizuri. Yai limegandishwa kwenye unywele kwa gundi ngumu, na ndani yake mtoto wa chawa yuko salama akisubiri siku zake.

Tuhesabu pamoja. Tuseme ulipaka Ijumaa tarehe 3. Yai lililotagwa Alhamisi, siku moja kabla, huanguliwa baada ya siku saba hadi tisa hivi, yaani mpaka kama Jumamosi tarehe 11. Lile lililokuwa limekaribia kuanguliwa lilifunguka kesho yake tu, tarehe 4. Chawa mdogo huchukua siku tisa hadi kumi na mbili kabla hajaanza kutaga. Kwa hiyo ukipaka tena Jumapili tarehe 12, siku ya tisa, mayai ya zamani yameshaanguliwa na hakuna mdogo aliyefikia kutaga. Ukiiruka siku hiyo, tarehe 17 tayari una majike wapya, na jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai manane kwa siku.

Namna ya kupaka nayo ina makosa yake. Osha nywele kwa shampuu ya kawaida bila kondishena, maana kondishena huzuia dawa isishike. Kausha kwa taulo zibaki na unyevu kidogo, paka dawa hadi kwenye ngozi, hasa nyuma ya masikio na kisogoni, acha dakika 10, kisha suuza. Kama maelekezo ya kopo lako yanasema tofauti, fuata ya kopo.

Kuna jambo moja la kuangalia. Saa nane hadi kumi na mbili baada ya kupaka, fungua nywele utazame. Ukikuta wachache wanajikokota kama walevi, dawa inafanya kazi. Usiongeze, endelea kuchana tu. Ukiwakuta wakubwa kwa wadogo wanakimbia kama jana, hao wamezoea dawa hiyo. Kuirudia hakutasaidia, mlete mtoto kwangu au mpeleke zahanati.

Mwanangu ana vitu vyeupe kichwani. Nitajuaje ni mayai ya chawa au mba?

Pangusa kwa kidole. Mba huanguka. Yai halisogei, itabidi ulivute kwa kucha mpaka ncha ya unywele. Lakini yai peke yake halithibitishi kwamba chawa bado yupo. Yai hai hukaa karibu na ngozi, ndani ya milimita 6 hivi, kwa sababu linahitaji joto la kichwa. Unywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo jeupe unaloliona mbali na ngozi mara nyingi ni ganda tupu la zamani. Nimewahi kuletewa mtoto aliyepakwa dawa mara nne, ngozi imewasha hadi kuwa nyekundu, na kichwani hakukuwa na kitu zaidi ya maganda.

Tafuta chawa mwenyewe, mdudu wa ukubwa wa punje ya ufuta. Na usisubiri mtoto ajikune: anayepata chawa mara ya kwanza anaweza kukaa hata wiki nne hadi sita kabla ya kuwashwa.

Hela ya dawa sina mwezi huu. Hakuna njia nyingine?

Ipo, na inataka uvumilivu kuliko fedha. Unahitaji kitana cha chawa, chenye meno yaliyobanana kabisa, kondishena yoyote ya bei nafuu, na kitambaa cheupe. Osha nywele, paka kondishena nyingi, tenganisha kwanza kwa chanuo la meno mapana. Kisha gawa nywele mafungu madogo, pitisha kitana kutoka kwenye ngozi hadi nchani, na kila ukimaliza mpigo mmoja futa kitana kwenye kitambaa. Hapo ndipo utakapowaona. Kichwa kizima kikiisha, suuza, halafu pita tena mara ya pili.

Fanya siku ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13. Hizo siku zinawanasa wanaoanguliwa kabla hawajakua. Siku ya 17 kagua. Kama hakuna, mmemaliza.

Kwa nywele ngumu za kipilipili fumua misuko yote kwanza, na tafuta kitana cha chuma, maana cha plastiki kitavunjika meno kabla hamjafika utosini. Kama hata hicho hakipiti na mtoto hajali, kipara kinamaliza kazi: chawa hushika unywele kwa kucha zake, na pasipo unywele hana pa kushika wala pa kutaga. Ila msimnyoe msichana kwa nguvu mbele ya wenzake. Chawa wataondoka, aibu itabaki.

Bibi yake anasema tulipaka mafuta ya taa zamani na tulipona. Nimpake?

Hapana. Mpe bibi shikamoo yangu, lakini mafuta ya taa huunguza ngozi, yakiingia mapafuni ni hatari, na mtoto akikaa karibu na jiko au kibatari yanawaka. Dawa ya mbu ya kupuliza na ya shambani ndiyo msithubutu kabisa.

Je, nianike godoro, nifue mapazia, nichome hijabu zake zote?

Msichome kitu. Chawa aliyeanguka hana damu ya kunywa na hufa ndani ya siku moja au mbili. Haruki wala hapai. Hutembea tu, kichwa kikigusana na kichwa. Ndiyo maana nimewaambia wasichana wetu waache kwanza kusukana wakati wa mapumziko, vichwa vikiwa vimeinamiana. Fueni kwa maji ya moto mashuka, foronya, hijabu na kofia zilizotumika siku mbili zilizopita, loweka vitana kwenye maji ya moto kwa dakika kumi, basi. Nguvu iliyobaki itumieni kukagua kila kichwa cha nyumbani, hata cha baba, na kuwatibu siku moja wote watakaokutwa na chawa hai.

Kwa nini hamumzuii asije shule mpaka apone?

Mtoto mnayemwona leo huenda amekuwa nao zaidi ya mwezi, akikaa dawati lilelile. Chawa wa kichwani hawaenezi homa wala ugonjwa mwingine. Aanze matibabu jioni hiyo, kesho aje darasani. Siku ya tisa nitakuwa mlangoni na kitana changu kwa yeyote anayetaka nimkagulie mwanawe.