Fri saizi inaishia pale nguo isipovutika

Swali la wiki: "Nguo zilizoandikwa fri saizi zinawatosha akina nani hasa? Wewe zimekutosha?"

Mhariri, mimi ni fundi cherehani na sehemu kubwa ya kazi yangu siku hizi ni kurekebisha nguo za madukani. Jibu langu ni kwamba nyingi zinamtosha mwanamke mwembamba hadi wa wastani, kisha zinakoma. Zinapokomea si siri. Ukiwa na tepu utapajua kabla hujatoa hela.

Nianze na dera, maana dera kidogo linastahili jina hilo. Lilaze sakafuni ulipime kutoka ubavu hadi ubavu. La kawaida ninaloletewa linapata inchi 30, yaani 60 ukizunguka. Mwenye hipsi 36 atalivaa, na mwenye hipsi 52 atalivaa na kukaa chini bila wasiwasi, kwa sababu hakuna kiuno kilichokatwa wala mkono uliobana. Shida yake ni urefu. Dera la inchi 57 kutoka begani linamfika vizuri mwanamke wa futi tano na inchi saba au nane. Mwenye futi tano na mbili, ukitoa kichwa na shingo, kutoka begani hadi chini ana kama inchi 52 tu, kwa hiyo inchi tano zinaburuzika. Atachomeka kwenye kamisi au atakuja kwangu nimpindie. Wauza mabaibui hili walishalielewa zamani: baibui nalo ni pana, lakini lina namba, 52, 54, 56, 58, na namba hiyo ni urefu kwa inchi. Mnunuzi anataja namba yake na mambo yanaisha.

Sasa njoo kwenye magauni na blauzi zinazoletwa kutoka China na Thailand, ambako ndiko malalamiko yalipo. Kiwanda kinachotoa saizi tano kinahitaji patani tano, na mfanyabiashara anayenunua jumla anabaki na saizi zisizotoka. Kikitoa saizi moja, dazeni inakuja kwa rangi tofauti badala ya saizi tofauti, na duka linaweza kumwambia kila anayeingia kwamba yake ipo. Unafuu huo wa biashara ndio unaozaa ile lebo. Mwili uliotumika kukatia patani ni mmoja, na mara nyingi ni mdogo.

Nitoe mfano wa gauni moja nililoletewa na mteja. Kitambaa ni poliesta laini isiyovutika, kiunoni lina lastiki, mikono mifupi, sketi imenyooka. Muuzaji alimwambia, "Dada, hilo ni fri saizi, lina mpira, linavutika." Mteja ana kifua 41, kiuno 35, hipsi 45. Gauni lilipita kichwani likagoma kwenye mikono.

Tulililaza mezani tukalipima pamoja. Kwapa hadi kwapa inchi 19, kwa hiyo kifua cha nguo ni 38. Lakini kitambaa kisichovutika hakitakiwi kugusa mwili pande zote. Lazima kibaki na nafasi ya inchi tatu hivi ili mtu apumue na anyooshe mikono mbele. Ukitoa hizo tatu, gauni ni la kifua 35. Mkono wake, sehemu nene ya juu, ulizunguka inchi 12 na nusu. Mkono wa mwili wenye inchi 11 utaingia vizuri, wa 12 utabanwa, na wa mteja wangu ulikuwa 15. Hipsi ya nguo ilikuwa 40. Mtu akikaa hipsi zinatanuka kwa inchi moja au mbili, kwa hiyo hapo mwisho ni 38.

Kiuno, ambacho ndicho muuzaji alikisifia, kilikuwa 25 kikiwa kimetulia na 37 kikivutwa mpaka marinda yote yanyooke. Hapo ndipo watu wanapopotea. Kile 37 ndio mwisho wa kitambaa chenyewe: ukizidisha, uzi wa mshono unakatika. Kuvaa ni jambo lingine. Lastiki iliyovutwa hadi mwisho inachora mwili, inapanda juu kila ukikaa, na baada ya kufuliwa mara kadhaa inalegea. Mimi nahesabu theluthi mbili ya mvutano, yaani kama 33. Kwa hiyo gauni zima, lenye lebo ya kumtosha kila mtu, ni la kifua 35, kiuno 33, hipsi 38 na mkono 11. Mwenye kifua 30 naye halimkai, maana mshono wa bega unamdondokea mkononi, na bega ni kazi ngumu kurekebisha kuliko ubavu.

Jambo hili naomba wasomaji walishike: lastiki ikiwa sehemu moja haifanyi nguo nzima ivutike. Tafuta sehemu nyembamba kuliko zote isiyo na mpira, na hiyo ndiyo saizi yako. Mara nyingi ni mkono au kwapa, sehemu ambazo hakuna anayezipima dukani kwa sababu kila mtu anawaza kiuno na hipsi.

Nguo za kitambaa cha kuvutika, zile zenye spandeksi, zina upana wa kweli zaidi, ila nazo zipimwe. Shika sehemu ya inchi nne, ivute kwa nguvu ya kawaida tu kando ya tepu. Ikifika tano bila kupauka na ikarudi ilivyokuwa ukiachia, inakupa robo zaidi. Ikipauka au mwanga ukapenya, ujue mwilini nayo itaonyesha.

Na fundi anaweza kuokoa nini? Kidogo kuliko watu wanavyodhani. Nguo hizi zimeshonwa kwa ovaloki, pembeni kumebaki robo inchi, hakuna cha kuachia. Kwa yule mteja niliongeza kipande ubavuni kila upande, kutoka kwenye mkono kupitia kwapani hadi chini kwenye pindo, na kile cha mkono ndicho kilichofanya avae. Kitambaa kinachofanana na cha gauni hakikupatikana, tukatumia cheusi. Limependeza, lakini ufundi pamoja na kitambaa vilikaribia bei ya gauni lenyewe, na hesabu hiyo alipaswa kuijua akiwa bado dukani.

Anayenunua kwa picha za Wasapu au Instagramu amwombe muuzaji vipimo vitatu, nguo ikiwa imelazwa: kwapa hadi kwapa, upana wa mkono, na hipsi. Azidishe kila kimoja mara mbili, atoe inchi tatu kifuani, mbili kwenye hipsi na moja na nusu mkononi. Muuzaji anayejibu "inatosha tu, dada" hajaipima nguo yake.

Kwa wauzaji, sidai mtuletee saizi tano. Najua mzigo unakujaje. Chukueni kalamu, na chini ya ile lebo muandike: kifua mwisho 35, hipsi mwisho 38, mkono mwisho 11. Ni kazi ya dakika mbili kwa dazeni nzima, kwa kuwa zote zimetoka kwenye patani moja.

Fundi wa nguo za kike, Tanga