Gridi dhaifu: kabla ya kununua statikomu, uliza mkondo wa shoti utatoka wapi

Volteji ikiyumba kwenye kituo kilicho mwisho wa laini ndefu, pendekezo la kwanza mezani huwa ni statikomu, kifaa cha kielektroniki kinachotoa au kunyonya nguvu riaktivu. Si kifaa kibaya. Hakina kinachozunguka, kinajibu ndani ya makumi ya milisekunde na hakihitaji eneo kubwa. Lakini kinatibu ugonjwa mmoja tu, nao ni upungufu wa nguvu riaktivu, ile inayoshikilia volteji bila kufanya kazi yoyote kwa mteja. Gridi dhaifu mara nyingi ina magonjwa matatu: huo, uhaba wa mkondo wa shoti, na uhaba wa inesha, yaani uzito unaozunguka ambao huzuia frikwensi isibadilike ghafla.

Anza na hesabu ndogo. Tuseme una shamba la upepo la MW 200, na mahali linapoungwa uwezo wa shoti, yaani nguvu ambayo gridi ingemwaga hapo shoti ikitokea, ni MVA 400. Gawanya 400 kwa 200, unapata 2. Chini ya 3, jiandae kwa usumbufu. Inveta za kawaida hufuata wimbi la volteji linalotoka kwenye gridi, na hapo wimbi lenyewe linatikiswa na inveta hizo hizo. Dalili utaiona kwenye rekoda: volteji inapanda na kushuka mara kadhaa kwa sekunde, bila shoti wala swichi iliyofunguliwa.

Sasa weka kondensa sinkronasi ya MVA 100. Hiyo ni mashine ya jenereta isiyo na injini wala tabaini, inayozunguka ikiwa imeungwa kwenye gridi. Kizuizi chake cha ndani wakati wa shoti tuseme ni 0.20 kwa kipimo cha ukubwa wake, na cha transfoma yake 0.12. Gawanya 100 kwa 0.32, inaongeza takriban MVA 312. Uwiano unapanda kutoka 2 hadi 3.56. Statikomu ya ukubwa huo huo haiinui hesabu hii kwa kiasi cha kutegemea, kwa sababu transista zake hazivumilii mkondo unaozidi sana kiwango chake. Ukiwa na statikomu peke yake, hata rilei za ulinzi zinazotegemea mkondo mkubwa ili kutambua shoti hubaki zikibahatisha.

Tofauti inaonekana zaidi volteji inapoporomoka. Ikishuka hadi asilimia 70, benki ya kapasita ya MVAr 100 hutoa 49 tu, kwa kuwa nguvu yake hufuata mraba wa volteji. Statikomu hutoa 70. Kondensa sinkronasi iliyokuwa haitoi kitu, volteji ikishuka hivyo kwenye ncha zake, hutema ghafla mkondo wa mara 1.5 ya kiwango chake (0.3 gawanya kwa 0.20), yaani takriban MVAr 105. Hakuna kompyuta iliyoamuru. Ni sumaku ya rota. Mkondo huo hufifia haraka, na mfumo wa kuchochea sumaku ndio unaochukua zamu.

Kuhusu inesha, tazama Australia Kusini. Mwaka 2021 jimbo hilo liliwasha mashine nne, mbili Davenport na mbili Robertstown, kila moja ikiwa na flaiwili, gurudumu zito linalohifadhi nishati ya mzunguko. Kwa pamoja zina MW-sekunde 4,400. Kama zingekuwa peke yake na MW 200 zikapotea, frikwensi ingeanza kushuka kwa 200 × 50 ÷ (2 × 4,400), yaani Hz 1.14 kwa sekunde. Ni kasi kubwa, lakini inaipa betri nafasi ya kuingia. Baada ya mashine hizo, idadi ya jenereta kubwa za gesi zilizolazimika kubaki zikiwaka ilipunguzwa kutoka nne hadi mbili. Statikomu isiyo na hifadhi ya nishati haina cha kutoa hapa. Betri yenye inveta inayounda wimbi lake yenyewe ina cha kutoa, na huyo ndiye mshindani halisi.

Kuna wakati sisi tungesema usinunue chochote kwanza. Septemba 2019, mashamba matano ya jua kaskazini-magharibi mwa jimbo la Victoria, Australia, na upande wa pili wa mpaka, New South Wales, yalikatwa hadi nusu ya uzalishaji kwa sababu ya mtetemo wa volteji. Aprili 2020 yalifunguliwa baada ya kurekebisha mipangilio ya inveta.

Ukichagua mashine, hesabu gharama zake. Ikipoteza asilimia 1 ya MVA 100, ni MW 1 mchana na usiku, MWh 8,760 kwa mwaka. Hakikisha pia sakiti breka za zamani zinahimili mkondo mpya wa shoti. Kunyonya nguvu riaktivu inaweza kwa takriban nusu tu ya inavyotoa, hivyo kama tatizo lako ni volteji kupanda usiku laini ikiwa tupu, riakta ya kawaida ni rahisi zaidi.

Halafu kuna oili. Umeme ukikatika kituoni, rota yenye flaiwili huendelea kuzunguka kwa muda mrefu kabla ya kusimama, na beringi zinahitaji oili mpaka mzunguko wa mwisho. Pampu ya dharura inaendeshwa na betri za kituo. Wengi hupima betri hizo kwa mahitaji ya rilei na taa tu, kisha beringi zinaungua huku mashine ikiwa imeshatolewa kwenye gridi. Kwenye majaribio ya kupokea mtambo, zima pampu kuu mashine ikiwa kasi kamili, pima dakika hadi isimame, na usisaini kabla betri hazijamaliza safari hiyo zikiwa na akiba.